Fuata mpiga picha, achana na aina ya muvi

"Wakuu, picha za Skyfall zimenimaliza. Nikitafuta nyingine kama ile naletewa muvi za majasusi tu. Nifanyeje?"

Salama mkuu. Anza na jina linalotokea kwenye maandishi ya filamu mbele ya maneno Director of Photography. Kwa Skyfall (2012) ni Roger Deakins. Fungua ukurasa wake IMDb, ushuke hadi sehemu ya Cinematographer. Usichanganye na vipengele vingine: kwenye WALL-E, kwa mfano, alikuwa mshauri tu.

Unakumbuka ile ngumi ya ghorofani Shanghai? Hakuwamulika wapiganaji. Mwanga wote unatoka kwenye mabango ya matangazo nyuma yao, ndiyo maana unaona vivuli viwili tu vikivutana. Sasa tafuta Sicario (2015), ya magenge ya dawa za kulevya: jua limeshazama, askari wanashuka bondeni na kumezwa na giza mmoja mmoja. Mchezo ni uleule. Kisha 1917, ya vita, pale kijana anapokimbia usiku kwenye magofu na mwanga pekee ni fataki za kijeshi na moto, vivuli vikizunguka ukutani. Hiyo ilimpa Oscar ya pili. Ya kwanza ni Blade Runner 2049.

Ila jina lake halikuhakikishii mwendo wa hadithi, huo ni wa mwongozaji. The Assassination of Jesse James ni nzuri kupindukia, lakini inakwenda taratibu mno. Ukipenda mbio, ianze Sicario.