Kikao na afisa mauzo aliyeshuka: usimwachie atoke na "nitajitahidi"

Swali: "Nina afisa mauzo mmoja ameshuka miezi 3 mfululizo. Kila nikimwita tukae tunaongea vizuri, anasema 'nitajitahidi bosi', tunaagana. Mwezi unaofuata yale yale. Wenzangu mnakaaje na mtu mpaka mtoke na kitu kinachoeleweka?"

Mkuu, hiyo "nitajitahidi" mimi nimeipokea miaka mingi kabla sijaishtukia. Nasimamia watu 8 wa mauzo kwa msambazaji wa mafuta ya kula na sabuni hapa Dar, upande wa Temeke na Mbagala. Nilichojifunza ni kwamba mtu akifika kwenye neno hilo ujue kikao kimeshamchosha na anatafuta mlango. Na wa kulaumiwa mara nyingi ni sisi. Tunamwita tukiwa na namba moja tu mkononi: tageti milioni 48, umeleta 29, kulikoni? Ajibu nini hapo zaidi ya "soko gumu, mtaani hela hakuna"?

Nikupe kisa kimoja nilichokaa nacho mwenyewe. Ni kaka mmoja wa makamo, kanizidi umri, alikuwa wa kwanza kwenye timu kisha akaporomoka. Nilishakaa naye mara 2 kwa mtindo huo wako, na mara zote 2 tukaagana vizuri.

Mara ya tatu nilianza na kuivunja ile namba kabla sijamwita. Mauzo ya mtu wa ruti yanatokana na vitu vitatu: maduka anayopita kwa siku, maduka yanayonunua kati ya hayo, na wastani wa oda ya duka moja. Zamani alikuwa anapita maduka 40, yananunua 20, kila moja kama laki moja. Hiyo ni milioni 2 kwa siku, na kwa siku 24 za kazi ndiyo milioni 48 yenyewe. Sasa hivi simu yake ya kazini ilionyesha maduka 38 kwa siku, oda elfu 95, lakini yanayonunua ni 13. Kwa hiyo miguu ipo, oda hazijapungua sana, kinachovuja ni hapo katikati.

Nikaona nisiishie kwenye wastani, maana wastani unaficha. Nikatazama ruti moja moja. Ana ruti 6 kwa wiki. Nne zilikuwa na maduka 18 yanayonunua kwa siku, yaani hakuna tatizo la kutisha. Ruti ya Jumanne na ya Ijumaa zilikuwa na maduka 3. Matatu! Soko gumu halichagui Jumanne na Ijumaa. Kingine, kwenye ruti hizo mbili simu ilirekodi maduka 6 ndani ya dakika 9. Aliyewahi kuuza anajua kwamba hata salamu na kuhesabu stoki kwenye rafu haviishi ndani ya dakika moja na nusu, pamoja na kutembea. Alikuwa anasimamisha bodaboda kwenye kona, anabonyeza kwamba amefika, anaondoka.

Hilo nilienda nalo mfukoni na nikaamua nisilitoe mwanzoni. Ukianza na "nimekukamata", kikao chote kitakuwa cha mtu kujitetea, na hutajua kamwe kwa nini mtu aliyekuwa hodari ameanza kukwepa maduka.

Jumatano nikamtumia ujumbe yeye peke yake, sio kwenye kundi: "Kaka, kesho saa 4 tukae nusu saa tuangalie ruti za Jumanne na Ijumaa. Njoo na daftari lako la oda. Sio kikao cha nidhamu." Hiyo sentensi ya mwisho ina uzito. Kanuni za ajira za 2007 hapa Tanzania zinataka mfanyakazi asiyefikia kiwango apewe maelekezo na muda wa kujirekebisha kabla hujafikiria kumwachisha, na njia hiyo ina taratibu zake na barua zake. Usivichanganye. Mtu akihisi anaandaliwa faili, hatakwambia kitu cha kweli. Na ukisema sio cha nidhamu, basi kweli kisiwe cha nidhamu.

Tulikaa kwenye benchi nyuma ya ghala anapouzia mama chai, mbali na ule ubao wa tageti. Sikumuuliza kwa nini mauzo yameshuka. Nilimwambia, "Kaka, nipitishe Jumanne iliyopita. Anza na duka la kwanza. Uliingia, ukakuta nini?"

Swali hilo ndilo siri yangu kubwa kama ninayo. Ukimuuliza mtu "kwa nini" anakupa maoni. Ukimwambia akupitishe kwenye siku yake, anakupa maduka. Akaanza vizuri: duka la kwanza walichukua katoni 2 za sabuni, la pili mwenyewe hayupo, la tatu wana mzigo bado. Alipofika la nne akasema "halafu nikaenda kule mbele", na kule mbele ni duka la kumi na mbili kwenye orodha. Nikaweka kidole kwenye daftari: "Na huyu mama wa kona?"

Akakoroga chai. Haikuwa na sukari ya kukoroga. Mimi nikanyamaza, na hapo ndipo wengi wetu tunaharibu, tunajaza ukimya kwa ushauri. Baadaye akasema, "Hapo sipiti siku hizi, dada. Ananidai."

Kumbe kuna mzigo wa madumu ya lita 20 ulishushwa mtaa ule yakiwa yanavuja vifuniko. Madumu 14, maduka 11, katika ruti hizo mbili. Wenye maduka walishalipa, yeye akawaahidi watabadilishiwa, ofisi ikakaa kimya. Kila akipita anaitwa tapeli mbele za watu. Ikawa anakwepa lile duka, kisha jirani zake, kisha mtaa mzima. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akaniambia alisema. Nikafungua simu yangu, nikarudi nyuma wiki 9, nikakuta ujumbe wake na picha za madumu. Chini yake jibu langu: "Sawa kaka, nafuatilia."

Sina la kuongeza hapo. Nikamwomba radhi, na nikamwambia pia kwamba nimeona zile dakika 9, kwamba kubonyeza bila kuingia hakutakiwi kurudia hata kama sababu ipo. Akakubali bila ubishi. Nadhani ningeanza na hilo tungekuwa tunabishana mpaka leo.

Sasa kwenye makubaliano, ndipo swali lako lilipo hasa. Nikamuuliza yeye kwanza: tufanye nini? Akasema, "Nitajitahidi nirudishe wateja wote mwezi huu." Nikamwuliza, "Sawa, Jumanne saa 3 asubuhi ukiwa unajitahidi, utakuwa umesimama wapi?" Akacheka, lakini akajibu: kwa mama wa kona. Na mkononi una nini? Dumu lake. Hapo tukaanza kuongea vitu vinavyoonekana.

Kitu kimoja nakisimamia hapa: sikubali aandike "nitafikisha milioni 40". Hiyo haiko mikononi mwake, mwenye duka ndiye anayeamua. Kuingia dukani kuko mikononi mwake. Kwa hiyo tunaandika hatua, halafu matokeo tunayatazama pembeni. Na zisizidi hatua 4, zote ziishe ndani ya wiki 2, na lazima angalau moja iwe ya kwangu. Aliandika mwenyewe kwa maneno yake, tukiwa bado tumekaa pale, akanitumia:

"1. Jumamosi mchana nampa dada orodha ya madumu duka kwa duka.
2. Dada: Jumanne asubuhi madumu yawe kwenye gari. Yakikosekana ananiambia Jumatatu jioni.
3. Jumanne naingia maduka 6 yenye madai, Ijumaa 5. Nabadilisha mzigo kwanza, oda siombi mpaka wamepokea.
4. Ijumaa saa 11 jioni simu dakika 10: nimeingia mangapi kati ya 11, yamenunua mangapi."

Nikamwomba anisomee. Mtu akisoma alichoandika unasikia sauti yake inapokwama. Alikwama kwenye namba 3. "Dada, kwa yule mama peke yangu siwezi." Basi tukaongeza kwamba maduka 3 ya kwanza naenda naye, nasimama nyuma, naomba radhi kwa niaba ya kampuni, mauzo siongei. Kama asingekwama pale ningempeleka akashindwe kwenye duka la kwanza kabisa.

Na usidhani ilienda kama ilivyoandikwa. Jumatatu jioni ghala likanipa madumu 5 tu. Nikampigia kama tulivyokubaliana, tukapanga upya tuanze na maduka yenye dumu moja moja. Yaliyobaki yakatoka Alhamisi. Yule mama wa kona alitusema dakika 10 nzima, akapokea dumu lake, na siku hiyo hakununua kitu. Ijumaa jioni hesabu ilikuwa maduka 9 kati ya 11 ameingia, 4 yamenunua.

Ile simu ya Ijumaa ndiyo iliyobeba kila kitu. Tuliifanya wiki 4, maswali yale yale mawili, bila hotuba. Wiki ya nne ruti ya Jumanne ilifika maduka 14, ya Ijumaa 12. Ukipiga hesabu huo ni mwendo wa kama milioni 37 kwa mwezi. Tageti hajafikia, na maduka 3 yalishahamia kwa msambazaji mwingine moja kwa moja.

Mtindo huu una mahali unapogoma. Kama kilichoshuka ni idadi ya maduka anayopita, mazungumzo ni mengine: ugonjwa, mafuta ya pikipiki, au ana kibarua cha pembeni. Kama wanunuzi ni wale wale ila oda ndogo, angalia kwanza kama bidhaa zinazotoka zipo ghalani, usimwite mtu kwa kosa la stoki. Na pesa za makusanyo zikipungua, hiyo haimalizwi kwenye benchi la chai, fuata utaratibu wa kampuni.

Kwa huyo wako, kabla hujamwita tena, chukua wiki moja tu ya mwezi uliopita na wiki moja ya kipindi alipokuwa vizuri, uziweke ruti kwa ruti: alipita mangapi, yalinunua mangapi, kwa wastani wa shilingi ngapi. Pitia pia jumbe zake za zamani kwenye simu yako. Ukishazipata hizo namba ziweke hapa tuziangalie.