Kwa nini x + 1/x huwa ndogo zaidi x ikiwa 1?

*“Niko Nairobi, narudia hesabu jioni baada ya kazi. Swali linataka thamani ndogo zaidi ya x + 1/x kwa namba chanya. Nimepata x = 1 na x = −1. Kwa nini mwalimu anataka 1 pekee, ilhali −1 inatoa jibu dogo zaidi?”*

Ndugu, andika kwanza f(x) = x + 1/x, kisha uichukulie 1/x kuwa x⁻¹, ili kanuni ya vipeo ikupe mteremko f′(x) = 1 − 1/x². Mteremko huo ukiwa sufuri, x² = 1, na kwa kuwa swali limesema namba chanya, −1 inaondoka hapo hapo.

Usiishie hapo, maana mteremko wa sufuri hupatikana bondeni na kileleni pia. Pima pande zote mbili: x ikiwa 0.5, mteremko ni 1 − 4 = −3, kwa hiyo mchoro unashuka; x ikiwa 2, ni 1 − 0.25 = 0.75, nao unapanda. Alama hizo hazibadiliki kokote kati ya 0 na 1, wala baada ya 1, kwa hiyo f(1) = 1 + 1 = 2 ndiyo thamani ndogo kuliko zote kwa namba chanya.

Kuhusu −1, ni kweli inatoa −2, lakini hicho ni kilele cha tawi jingine la mchoro, lililotengwa na sufuri ambako 1/x haipo. Jaribu −2 utapata −2.5, ukizidi kushuka, hakuna mwisho. Katika mtihani, andika “x > 0” kwenye mstari wa kwanza.