Pointi tatu za usahihi, lakini za nani?

Juzi dada mmoja wa Musoma kaniandikia: “Kaka, nimefundisha modeli yangu kwa faragha kama ulivyoelekeza, usahihi wa jumla umeshuka pointi tatu tu. Niipeleke kazini?” Nikamjibu kwa swali: pointi tatu za nani? Akakaa kimya hadi kesho yake. Basi jibu refu ni hili, nikijua kuna wengine hapa Mwanza na kwingineko mnahangaika na kitu hichohicho.

Kazi yangu ilikuwa ya chama kimoja cha akiba na mikopo cha huku kwetu ziwani. Walitaka modeli ya kukisia nani atashindwa kurejesha mkopo, na walitaka isiwezekane kuichokonoa modeli ikatoa siri ya mwanachama yeyote. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilikuwa imewatia hofu, na hofu hiyo mimi sina ugomvi nayo. Wanachama wengi ni wa maduka ya mjini. Wachache, kama asilimia 5, ni akina mama wa dagaa wanaochukua mzigo visiwani na kuuleta mwalo wa Kirumba.

Sasa, dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka mitumbwi inalala, na pesa inalala nayo. Mama wa dagaa akichelewesha rejesho wakati wa mbalamwezi hajashindwa; giza likirudi analipa. Modeli ya kawaida, mtandao mdogo wa neva wa vigezo 10,000 hivi, yaani namba inazozirekebisha inapojifunza, ililijua hilo bila kufundishwa na mtu. Nilipoifundisha kwa faragha ikalisahau. Usahihi wa jumla ulishuka kidogo tu, lakini ukiwatazama akina mama wa dagaa peke yao, karibu nusu ya makadirio yalikuwa kombo.

Meneja alisema kikaoni kwamba “asilimia tano hao hawatuyumbishi.” Maneno yale yananiwasha mpaka leo. Mwezi uliopita modeli iliyorekebishwa ndiyo iliyoanza kazi, na yeye ndiye aliyepiga simu kuiomba. Tuyaache hayo.

Tuangalie kinachotokea ndani. Katika mafunzo ya kawaida, kila mkopo kwenye bechi, yaani fungu la mikopo inayosomwa kwa pamoja, unatoa gradienti yake, yaani unasema vigezo visogee upande gani na kwa nguvu kiasi gani, kisha zote zinajumlishwa. Mafunzo ya faragha, kwa njia iliyochapishwa na Abadi na wenzake mwaka 2016, yanaongeza mambo mawili. Gradienti ya kila mkopo inapimwa urefu, na ikizidi kikomo C inafupishwa hadi C. Halafu kwenye jumla inamwagwa kelele ya nasibu, yenye ukubwa wa sigma mara C kwa kila kigezo. Kwenye Opacus, maktaba ya PyTorch ya kazi hii, ni mistari michache:

```python
from opacus import PrivacyEngine

engine = PrivacyEngine()
model, optimizer, loader = engine.make_private(
    module=model, optimizer=optimizer, data_loader=loader,
    noise_multiplier=1.1, max_grad_norm=1.0)
```

Hapo sigma ni 1.1 na C ni 1. Chukua bechi ya mikopo 600: 570 ya maduka, 30 ya dagaa. Ya maduka modeli imeshaizoea, kwa hiyo gradienti zake ni fupi, tuseme urefu 0.5. Ya dagaa inaikosea, kwa hiyo ni ndefu, tuseme 6. Kurahisisha hesabu, tuchukulie kila kundi linavuta upande mmoja. Bila kikomo, maduka yanavuta kwa 285 na dagaa kwa 180. Wako wachache, lakini malalamiko yao yanasikika, karibu asilimia 39 ya mvuto wote. Weka C ya 1: maduka hayaguswi, yanabaki 285. Dagaa inakatwa kutoka 180 hadi 30, chini ya asilimia 10.

Kisha inakuja kelele ya nasibu. Urefu wake wote ni kama sigma mara C mara kipeuo cha pili cha idadi ya vigezo. Kwa vigezo 10,000 hiyo ni 110. Sauti ya maduka, 285, inapita juu yake. Sauti ya dagaa, 30, inamezwa. Ungekuwa na hatua zisizo na mwisho kelele ingejifuta yenyewe kwa wastani, lakini kila hatua inakula bajeti ya faragha, yaani kiasi cha uvujaji unachokubali, kinachopimwa kwa epsiloni, na bajeti ikiisha unasimama. Bagdasaryan na wenzake walilionyesha hili mwaka 2019: gharama ya usahihi inawaangukia zaidi walio wachache.

Jambo la kwanza linalomjia kila mtu ni kupandisha C. Ipandishe hadi 6: dagaa wanarudi 180, lakini kelele nayo inakuwa 660, kwa sababu inakwenda sambamba na C. Dagaa dhidi ya kelele ni uwiano uleule wa mwanzo, na sasa hata maduka yamezama. La pili ni kuipa mikopo ya dagaa uzito zaidi kwenye hasara, yaani kipimo cha makosa ya modeli. Haisaidii kitu: unairefusha gradienti, kikomo kinaikata palepale. Ukiweka uzito baada ya kukata, umempa mtu mmoja nguvu kuliko kelele ilivyopangiwa, na epsiloni unayoisoma si ya kweli. Kuchota mikopo ya dagaa mara nyingi zaidi nako ni hivyohivyo, akina mama wale ndio watakaolipa kwa faragha yao. Ndugu zangu, hapa hakuna njia ya mkato.

Kilichofanya kazi kwangu ni kupunguza vigezo. Kalenda ya mwezi si siri ya mtu, haigharimu bajeti hata chembe. Nikaweka siku tangu mwezi mwandamo, nikaizidisha na alama inayoonyesha kuwa mkopo ni wa dagaa, nikatupa mtandao na kutumia modeli ya mstari yenye vigezo kama 100. Rudia hesabu: C ya 1, kelele sasa ni 11, dagaa ni 30. Wanasikika. Na kwa kuwa maduka yana nafasi tele juu ya kelele, niliweza kupandisha C hadi 2: dagaa 60, maduka 285, kelele 22.

Bechi kubwa nayo inasaidia kidogo. Ukiikuza mara nne kwa mizunguko ileile ya data, hatua zinapungua mara nne, sigma inahitaji kupanda takriban mara mbili kwa epsiloni ileile, na kila kundi linapata sauti mara mbili dhidi ya kelele. Takriban, nasema, neno la mwisho ni la `engine.get_epsilon(delta=1e-5)`. Na kila C unayoijaribu kwenye data halisi ni uvujaji mdogo, kwa hiyo jaribu kwanza kwenye data ya kubuni.

Dada wa Musoma, kabla ya kupeleka chochote kazini, gawa data ya majaribio kwa makundi unayoyajua wewe mwenyewe, sio yale ambayo jedwali linakupa. Kisha pima kwa kila kundi ni gradienti ngapi zinakatwa. Kundi likikatwa karibu lote huku mengine hayaguswi, pointi zako tatu ziko hapo. Vipimo hivyo vibaki kwenye kompyuta yako, maana navyo vimetoka kwenye data ya watu.