Kuingia kwa hatua mbili hakutoshi ikiwa msaidizi ana nywila yako

"Nimewasha hatua mbili za kuingia YouTube, na kijana anayenihariria video ana nywila yangu. Je, chaneli yangu bado inaweza kutekwa?"

Salaam, ndugu. Ndiyo, na cha kwanza kukagua ni kompyuta ya huyo kijana. Mwaka jana hapa Dodoma, msaidizi wangu alifungua barua pepe ya "udhamini" iliyokuwa na faili lililoonekana kama mkataba.pdf. Kwa kawaida Windows huficha herufi za mwisho za jina la faili, kwa hiyo hakujua kwamba jina kamili lilikuwa mkataba.pdf.scr, yaani programu, wala si waraka. Ilinakili vidakuzi vya kivinjari, ambavyo huieleza Google kwamba mtu ameshaingia, na mwizi akaingia bila kuulizwa nywila wala msimbo. Asubuhi tulikuta jina la chaneli limebadilishwa.

Badilisha nywila leo ukitumia kifaa kingine kilicho safi, kisha fungua myaccount.google.com, nenda Security, halafu Your devices, uondoe kila kifaa usichokitambua pamoja na kompyuta ya kijana.

Baada ya hapo usimpe nywila mpya. Katika YouTube Studio, fungua Settings, kisha Permissions, umwalike kwa barua pepe yake mwenyewe kama Editor. Atapakia na kuhariri, lakini hawezi kualika wala kuondoa watu, hivyo hata akiibiwa, mwizi hatakufungia nje. Nafasi ya Manager mimi simpi mtu, kwa sababu anaweza kualika wengine.