Wiki tatu za kunyoosha: msuli umerefuka, au umezoea?

"Nimenyoosha misuli ya nyuma ya paja kila jioni kwa wiki tatu, na sasa nagusa vidole vya miguu ilhali awali niliishia kwenye muundi. Je, msuli umerefuka kweli, au kuna jambo jingine?"

Ndugu yangu, kwa wiki tatu msuli wako bado ni ule ule. Kilichobadilika zaidi ni kiasi cha mvuto ambacho ubongo unakistahimili kabla ya kukuambia inatosha. Jambo hili niliwahi kulipima kwenye mguu wangu mwenyewe, hapa hapa Mombasa, kwa mizani ya kuning'iniza niliyoazima kwa muuza samaki.

Nililala chali barazani, paja la kushoto likiwa limefungwa kwa leso kwenye benchi lisinyanyuke. Kaka yangu aliinua mguu wa kulia ukiwa umenyooka goti, akiuvuta kifundoni kwa mizani ile, na simu iliyofungwa kwenye muundi ikatuonyesha pembe. Siku ya kwanza, kwenye digrii 60 mizani ilisoma kilo 6, uzito wa mguu wenyewe ukiwemo. Kwenye digrii 68 ilisoma kilo 7, na hapo nikasema basi. Baada ya wiki tatu za kunyoosha sekunde 45 mara nne kwa siku, nilifika digrii 77 na kilo 9. Lakini kwenye digrii 60 kilo zilibaki zile zile 6, na hapo ndipo penye jibu lako, kwa maana msuli uliorefuka au kulainika ungepaswa kuvutika kwa nguvu ndogo zaidi kwenye pembe ile ile. Magnusson na wenzake huko Denmaki walichapisha matokeo ya namna hiyo mwaka 1996, kwa vyombo vya maabara badala ya mizani ya samaki: baada ya wiki tatu ukinzani wa msuli haukubadilika, ila watu walivumilia mvuto mkubwa zaidi.

Sasa tazama yanayotokea ndani ya zile sekunde 45. Katikati ya nyuzi za msuli mna vihisio vinavyopima urefu wake na kasi ya kurefuka. Ukivuta kwa ghafla, vihisio hivyo hupeleka habari kwenye uti wa mgongo, na msuli huamriwa kujikaza papo hapo. Ukivuta polepole, nawe umetulia, msuli hubaki karibu kimya kabisa. Kwa hiyo ule ugumu unaousikia si msuli kushindana nawe, bali ni maumbile yake yanayovutika: protini ya titini iliyomo ndani ya nyuzi, pamoja na ngozi nyembamba zinazozifunika. Kaka yangu alipoushikilia mguu pale pale kwenye digrii 68, mizani ilishuka kutoka kilo 7 hadi 5 na nusu bila pembe kubadilika, na sehemu kubwa ya kushuka huko ilitokea mwanzoni. Ni kama kamba mpya ya kufungia mashua, ambayo hulegea kidogo baada ya kukazwa. Tulipopima tena baada ya saa moja, kilo 7 zilikuwa zimerudi, kwa hiyo ulegevu huo hauwezi kuwa ndio faida unayoamka nayo kesho yake.

Makocha wengi hueleza kwamba vihisio vya kwenye kano huuzima msuli baada ya sekunde 30. Maelezo hayo siyakubali. Vihisio hivyo huamshwa hasa na msuli unaojikaza wenyewe, athari yake hutoweka mara mvuto unapokwisha, na tena msuli uliokwisha kunyamaza hauna cha kuzimwa.

Haya ni ya wiki chache. Ukiendelea kwa miezi, kwa muda mrefu zaidi kila siku, ukinzani wenyewe huweza kupungua. Ama msuli kurefuka kweli, kwa kuongezeka vipande vya ndani ya nyuzi zake, kumeonekana wazi kwa wanyama waliofungwa plasta msuli ukiwa umevutwa usiku na mchana, jambo lisilofanana na dakika zako chache za jioni.

Kosa langu lilikuwa kudhani kila mvuto ni wa msuli. Katika wiki ya pili nilianza kusikia ganzi na vijisindano nyuma ya goti, nikazidi kuvuta, na ganzi ikanikaa kwenye shavu la mguu siku kadhaa. Ukiwa kwenye pembe yako ya mwisho, inamisha kidevu kifuani bila kusogeza mguu. Shingo haiwezi kuurefusha msuli wa paja, kwa hiyo mvuto ukizidi, kinachovutwa ni neva inayoshuka kutoka kiunoni. Hapo legeza kifundo, vidole vielekee mbele badala ya kuvivuta kuelekea kwako, na urudi nyuma digrii tano au kumi hadi vijisindano viishe.