Barua ya fildi na fomu ya msimamizi: majibu kwa waliouliza

Nimepeleka barua ya utambulisho halmashauri, wameirudisha wakasema haijaandikiwa wao. Imeandikwa "Kwa yeyote anayehusika". Chuo kimetupa hiyo hiyo wote. Nifanyeje? (Mwaka wa pili, uhandisi umeme)

Mdogo wangu, masjala hawakukuonea. Barua ikifika pale hugongwa muhuri wa kupokelewa, huandikwa kwenye daftari la barua zinazoingia, halafu huwekwa kwenye faili na kupelekwa kwa mwenye barua. Yako haina mwenyewe, kwa hiyo karani hajui aipeleke meza ipi.

Rudi kwa mratibu wa mafunzo kwa vitendo katika idara yako, umwombe barua yenye anwani. Kwa halmashauri anayeandikiwa ni Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri ya Wilaya fulani, hata kama unakotaka kufanya kazi ni karakana. Kwa kiwanda, andikia Meneja Rasilimali Watu. Andika cheo tu, jina liache, maana mtu huhamishwa na ofisi hubaki. Kichwa cha barua kitaje kozi yako, mwaka wa masomo na tarehe za kuanza na kumaliza. Afisa utumishi akikuta "mwanafunzi wetu anahitaji nafasi" bila kozi wala tarehe, hawezi kumuuliza mkuu wa idara yeyote kama ana nafasi. Barua hulala hapo hapo.

Ukienda kuipeleka, beba nakala mbili. Moja inabaki, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, uondoke nayo. Nakala hiyo utaihitaji sana baadaye, kama utakavyoona kwa mwenzako hapa chini.

Barua yangu ina wiki ya tatu. Nikipiga simu naambiwa faili liko kwa bosi. Nisubiri au nitafute kwingine?

Yote mawili, ila kwanza ujue faili linapita wapi. Mkurugenzi huandika juu ya barua yako maneno machache ya kumwelekeza afisa utumishi. Afisa utumishi humuuliza mkuu wa idara kama anaweza kukupokea. Jibu hurudi, barua huchapwa, kisha husainiwa, mara nyingi na mtu mwingine kwa niaba ya mkurugenzi. Hizo ni meza nne, na mwenye meza moja akiwa safarini hakuna kinachosogea. Juni ndiyo mbaya kuliko miezi yote, kwa sababu mwaka wa fedha wa serikali unafungwa tarehe 30 na idara zote ziko kwenye hesabu. Barua iliyoingia Aprili hupata jibu kwa utulivu. Ya katikati ya Juni hukwama.

Usipige simu kuuliza "barua yangu imefikia wapi". Nenda mwenyewe na nakala yako yenye muhuri, mwombe karani wa masjala akutazamie kwenye daftari faili limetumwa kwa nani na tarehe gani. Ukishaijua meza, nenda kwenye meza hiyo. Nimewaona vijana wakikaa mwezi mzima kumsubiri mkurugenzi, kumbe aliandika maelekezo siku ya pili na faili likabaki kwa mkuu wa idara, chini ya mafaili mengine.

Wiki ya tatu ikiisha bila jibu, peleka barua nyingine kwa taasisi ya pili. Ya kwanza ikijibu baadaye, waandikie kuwashukuru na kuwaachia nafasi, wampe mwingine.

Fomu inataka jina la msimamizi, cheo, simu na sahihi. Mtu nitakayeshinda naye ni fundi, lakini mhandisi ndiye bosi wake. Nimwandike nani?

Mwandike mhandisi, lakini usimwandike kabla hujaongea naye.

Msimamizi wa kwenye fomu ana kazi tatu: husaini kitabu chako cha kumbukumbu kila wiki, hupokea simu ya mwalimu atakayekuja kukukagua, na mwishoni hujaza fomu ya tathmini yenye alama zako. Kwa hiyo awe mtu ambaye chuo kitaikubali sahihi yake, na ambaye kweli yupo. Fundi atakufundisha mengi zaidi, pengine kuliko wote, na ni vizuri jina lake lionekane ndani ya kitabu kila siku mnapofanya kazi pamoja. Ila nimeona tathmini ikirudishwa kwa sababu aliyesaini hakuwa na cheo wala taaluma inayolingana na kozi.

Muulize swali moja: "Mhandisi, Agosti yote utakuwepo?" Katika karakana moja niliyofanyia kazi, tulimpokea binti aliyekuwa amejaziwa fomu vizuri kabisa, muhuri upo, simu ipo. Wiki ya tano msimamizi wake akaenda likizo ya mwaka. Mwalimu wa chuo alipiga simu siku mbili bila kupokelewa, akaandika mwanafunzi hajapatikana kituoni. Binti alikuwa ndani, amevaa ovaroli, anafungua pampu. Ilituchukua barua mbili kurekebisha, na bado inaniuma kwamba sisi wenyeji wake hatukulifikiria jambo hilo mapema. Kama kuna likizo, omba jina la pili liandikwe pembeni pamoja na simu yake, naye asaini.

Pia soma sehemu ya "kazi atakazofanya" kabla haijagongwa muhuri. Mwanafunzi wa umeme akiandikiwa "kusaidia shughuli za ofisi", mara nyingi huishia stoo, na hana pa kulalamikia kwa sababu karatasi inasema hivyo.

Barua ya chuo inasema 13 Julai hadi 4 Septemba. Barua ya kukubaliwa inasema nianze 20 Julai, mwisho haujatajwa. Mwenzangu yake inaishia 6 Septemba. Ipi ni sahihi?

Ya mwenzako isikutishe. Wiki nane kuanzia Jumatatu tarehe 13 Julai zinaisha Ijumaa tarehe 4 Septemba ukihesabu siku za kazi. Ukihesabu siku zote 56 unafika Jumapili tarehe 6. Bodi ya Mikopo nayo huhesabu fildi kwa siku, zisizozidi 56, ndiyo maana tarehe zote mbili huonekana kwenye karatasi.

Tatizo lako ni tarehe 20. Ukiripoti siku hiyo na ukaondoka tarehe 4, umefanya wiki saba. Fomu ya kuripoti itabeba tarehe ya kweli, kitabu kitakuwa na wiki moja tupu, na anayekagua ataona mara moja. Usiijaze wiki hiyo kwa kubuni.

Anza kwa kumwuliza mratibu kama chuo kitakuruhusu kumaliza tarehe 11 Septemba. Akikubali, rudi kwenye taasisi na barua fupi inayotaja kumbukumbu namba ya barua yao, ukiomba wathibitishe 20 Julai hadi 11 Septemba. Akikataa, waombe wenyeji wakupokee tarehe 13. Jibu lolote liwe kwa maandishi na nakala ifike chuoni kabla ya kuripoti, kwa sababu ratiba ya ukaguzi hupangwa kwa tarehe na maeneo yaliyoko kwenye karatasi hizo.

Dada wa mapokezi amesema atanigongea muhuri, sahihi ya msimamizi niweke mwenyewe kwa kuwa yuko safarini. Kuna shida?

Usiweke. Fomu ya tathmini itakuja na sahihi yake halisi, na zote mbili hukaa kwenye faili moja. Mwombe dada akupe tarehe ya kurudi kwake, mwandikie mratibu kwamba fomu itachelewa hadi siku hiyo, na uambatanishe barua ya kukubaliwa.