Daftari la fundi

"Shangazi, mume wangu ni fundi cherehani hapa Tanga, ndoa yetu ina miaka tisa. Juzi nimeshika daftari lake la vipimo nikakuta kando ya vipimo vya wanawake ameandika mambo yao: 'Mama Rehema, kifua 40, kiuno 36. Rehema darasa la saba, anataka uuguzi.' Mwingine: 'mdogo wake anaolewa baada ya Ramadhani.' Hata mama yangu yumo, 'goti, kliniki Jumanne.' Wakija anawauliza watoto kwa majina, wanacheka mpaka basi. Nimechana kurasa nne. Sasa amenuna, haongei. Huyu si ana wanawake?" – Mke mwenye uchungu

Pole mwanangu, wivu unauma. Pole yangu imeishia hapo.

Mwanaume mwenye hawara haandiki darasa analosoma mtoto wa hawara. Humsevu kwenye simu kwa jina la Fundi Bomba. Wako kaacha daftari mezani pamoja na futi na chaki, na wewe unayafuma mapenzi. Halafu habari ya mama yako umeipitisha mbio, kama mtu mwenye mzigo wa magendo. Nitairudia.

Mtihani wa darasa la saba hufanywa Septemba, na Januari mtoto anaanza kidato cha kwanza. Mama Rehema akija Desemba kupunguziwa gauni, akaulizwa, "Rehema kapangiwa shule gani?", sketi mbili na mashati mawili ya shule yameshapata fundi. Ya harusi hata sielezi, wewe unajua sare za ndugu ni magauni mangapi. Ndiyo, ni biashara. Lakini mama wa watu naye katoka pale amefurahi, na hakuna aliyeibiwa.

Utasema, mbona asiyaweke kichwani? Kwa sababu jina halikai. Ukiambiwa yule mzee ni mganga, kesho unakumbuka, maana umeshaona vibuyu na foleni ya wagonjwa. Ukiambiwa anaitwa Mganga, limeshakutoka kabla hujafika nyumbani. Jina halina picha. Sisi tumesaidiwa kidogo na desturi ya kuitana Mama Fulani, kwa hiyo mtoto wa kwanza unampata bure. Wa pili na wa tatu hawana pa kushikia, na hao ndio mama yao hushtuka kwa furaha ukiwataja.

Fundi anayejua kazi hii huandika mteja akishatoka tu, kabla hajavuka barabara. Akingoja jioni, mtoto wa huyu anahamia kwa yule. Siku ya mteja kuchukua nguo, hujiuliza kwanza kichwani, "Wa pili wake nani vile?", ndipo afungue daftari kuhakikisha. Kule kujiuliza ndiko kunakogandisha. Akisoma tu bila kujipima, ataendelea kusoma miaka yote.

Kosa la mume wako, kama analo, ni tarehe. Uliponinukulia sikuiona hata moja. Bila tarehe, Rehema atabaki darasa la saba mpaka aolewe. Na kuna mambo hayaulizwi moja kwa moja. Mimi niliwahi kumwuliza mwanamke sokoni, tena kwa sauti, "Na ile mimba vipi?" Ilikuwa imetoka miezi miwili nyuma. Alinijibu kwa heshima, akaacha mchicha wake palepale, akaondoka. Tangu siku hiyo, kwenye mimba, ugonjwa na uchumba nauliza "Habari za nyumbani?" kisha nanyamaza. Mwenye habari ataisema.

Siku hizi wake na waume wanajua status ya kila mtu, nani kala wapi, nani kavaa nini, lakini mwulize mtu mtoto wa shemeji yake yuko darasa la ngapi uone anavyokohoa. Na mkiwa mezani kila mmoja kainamia simu yake, ugomvi ukizuka mnasema ni mashetani.

Sasa wewe. Nilichosoma katikati ya mistari si wanawake, ni kwamba wateja wanaulizwa na wewe huulizwi. Hilo mwambie, ni haki yako. Ila kwanza zile kurasa. Humo mlikuwa na vipimo vya nguo za watu ambao wengine wameshalipa nusu, na siku ya kuchukua itafika. Kaa naye jioni mkumbushane mteja mmoja mmoja, wewe ndiye ushike kalamu, na tarehe muiweke. Wasiokumbukika wapigiwe simu waje kupimwa upya, na radhi uombe wewe.

Na mama yako, mwanangu. Goti lile, Jumanne alikwenda kliniki? Aliambiwa nini? Kama hujui, mwulize mume wako.